Kodi ya miezi sita kwa mshahara wa mwezi: jinsi ya kugawa akaunti na kuweka maagizo ya kudumu

Mshahara wa Dar es Salaam unaingia kila mwezi, lakini malipo makubwa hayaji kila mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Shule inataka ada Januari na Julai, na Januari inakuja na sare na madaftari juu yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi Machi na Aprili bila shida yoyote, halafu Juni akaanza kutafuta mkopo, ingawa mshahara wake haukupungua hata shilingi. Pesa ya kodi alikuwa nayo. Ilipita mkononi miezi minne kabla ya tarehe ya kuitumia, na kwa kuwa ilikaa kwenye akaunti moja na pesa ya mboga, ilionekana kama salio la kawaida.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja: kuyakata malipo makubwa yawe vipande vya kila mwezi, kila kipande kikae kwenye akaunti yake, na benki yenyewe ndiyo ihamishe bila kusubiri ukumbuke. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, wa mfanyakazi wa kampuni binafsi anayeishi Kimara, ana mtoto mmoja wa shule, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,200,000 bila posho. Bei za maisha nilizoweka ni za mfano, weka zako. Njia ya hesabu ndiyo ya kuchukua.

Hatua ya 1: Anza na pesa inayoingia kweli

Usipange bajeti kwa mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Chukua hati ya mshahara na ufuate makato moja moja, kwa sababu huko mbele utahitaji kujua lipi ni la kudumu na lipi litakwisha.

Mfanyakazi wetu anakatwa NSSF asilimia 10, yaani 120,000. Kodi ya mapato hukokotolewa baada ya kutoa mchango huo, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, mshahara unaozidi milioni moja hulipa 128,000 na asilimia 30 ya kile kilichozidi. Kilichozidi hapa ni 80,000, asilimia 30 yake ni 24,000, jumla ya kodi 152,000. Kisha anadaiwa na Bodi ya Mikopo, ambayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 180,000. Ukitoa yote hayo kwenye 1,200,000, kinachoingia benki ni 748,000.

Mtumishi wa umma atakuta makato yake ni tofauti. PSSSF inakata asilimia 5 kwa mfanyakazi, na bima ya NHIF asilimia 3. Hesabu inakwenda vilevile.

Liwekee alama lile kato la Bodi ya Mikopo. Ni kubwa kuliko kodi ya nyumba ya watu wengi, na lina mwisho. Tutalirudia.

Hatua ya 2: Orodhesha malipo yenye tarehe

Chukua daftari, andika miezi kumi na miwili, na kila mwezi uandike malipo makubwa yanayoangukia hapo. Usiandike matamanio bado. Andika yale ambayo usipoyalipa kuna mtu atakugongea mlango au mtoto atarudishwa nyumbani.

Mfanyakazi wetu ana mawili. Kodi ni 120,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa pamoja, hivyo 720,000 kila tarehe 1 Januari na tarehe 1 Julai. Ada ni 300,000 Januari na 300,000 Julai, na Januari kuna 120,000 nyingine ya sare, viatu na madaftari.

Wengi hukimbilia kugawa kwa kumi na mbili hapa, na hapo ndipo hesabu inapoharibika kimyakimya. Kodi ya mwaka ni 1,440,000, gawa kwa 12 unapata 120,000, sawa. Lakini tuseme anaanza mpango huu kwenye mshahara wa Machi. Kabla ya tarehe 1 Julai amebakiwa na mishahara minne tu: Machi, Aprili, Mei na Juni. Akiweka 120,000 kila mwezi, Julai itamkuta na 480,000 wakati anatakiwa kuwa na 720,000. Mpango utaonekana umeshindwa, kumbe uliwekewa hesabu ya mtu aliyeanza Januari.

Kwa hiyo kanuni ni hii: chukua kiasi kinachohitajika, toa ulichonacho tayari kwa ajili hiyo, gawa kwa idadi ya mishahara iliyobaki kabla ya tarehe. Mzunguko wa kwanza wa kodi ni 720,000 gawa kwa 4, yaani 180,000 kwa mwezi. Kuanzia mshahara wa Julai ndipo inashuka kuwa 120,000, kwa sababu mpaka Januari kuna mishahara sita.

Ada nayo ina mtego wake. Kwa mwaka ni 720,000 pamoja na sare, wastani 60,000 kwa mwezi. Mzunguko wa kwanza ni 300,000 gawa kwa mishahara minne: 75,000. Baada ya Julai, ukitumia ule wastani wa 60,000 kwa miezi sita utafikisha 360,000, na Januari inadai 420,000. Utapungukiwa 60,000 mwezi ule ule ambao kila mzazi ana upungufu na hakuna wa kumwazima. Weka 70,000 kuanzia Julai hadi Desemba, kisha 50,000 kuanzia Januari hadi Juni. Wastani ni ule ule, ila kila malipo yanakutwa na pesa kamili.

Hatua ya 3: Pima matumizi ya kawaida kwa ushahidi

Omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu kutoka benki, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi hiyo hiyo. Ya simu ni muhimu kuliko ya benki, maana benki itaonyesha tu kwamba ulihamisha 200,000 kwenda M-Pesa. Zilikokwenda baada ya hapo ziko kwenye taarifa ya simu. Jumlisha kwa mafungu: chakula, nauli, umeme na maji, gesi, bando, wazazi, michango.

Michango iwe na fungu lake. Kuna harusi, kuna kipaimara, kuna msiba wa jirani, na ukiandika bajeti bila fungu hilo utakuwa umeandika maisha ya mtu mwingine. Jumla ya miezi mitatu gawa kwa tatu, ndiyo namba yako. Mwezi ambao haikutumika yote, baki ibaki kwenye fungu hilo, kwa sababu Desemba ina kadi nyingi kuliko Machi.

Kwa mfano wetu matokeo ni haya: chakula 195,000, nauli 48,000, bando 20,000, umeme 15,000, maji 10,000, gesi 28,000 (mtungi wa kilo 15 unamchukua karibu miezi miwili), wazazi 40,000, michango 30,000. Jumla ni 386,000.

Sasa tuone kama vinaingia. Kodi 180,000 na ada 75,000 ni 255,000. Ongeza 30,000 za kuanzisha akiba ya dharura: 285,000. Ukitoa kwenye 748,000 zinabaki 463,000, na ukitoa matumizi 386,000 zinabaki 77,000. Hizo ndizo za dawa, nguo, saluni, makato ya miamala na yale yasiyo na jina. Si nyingi, lakini mpango unasimama. Kama kwako hesabu imetoka hasi, usiweke agizo lolote benki kwanza. Zungumza na mwenye nyumba akubali miezi mitatu kwa mzunguko wa kwanza, au omba shule ikugawie ada ya Julai mara mbili. Maombi hayo yanasikika vizuri zaidi mwezi Machi kuliko tarehe 30 Juni.

Hatua ya 4: Fungua akaunti, lakini kwanza uliza makato

Mfanyakazi wetu anahitaji sehemu tano za kuweka pesa: akaunti ya mshahara, akaunti ya kodi, akaunti ya ada, sehemu ya dharura, na sehemu ya matumizi ya wiki ambayo inaweza kuwa simu.

Ukifika benki, usiulize tu kama kuna akaunti ya akiba. Uliza ada ya mwezi ya kuendesha akaunti, kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki, gharama ya kuhamisha kati ya akaunti zako mwenyewe, gharama ya kuweka agizo la kudumu, na gharama ya agizo likishindwa. Baadhi ya akaunti za akiba zina kikomo cha idadi ya kutoa pesa kwa robo mwaka, na ukizidisha unapoteza riba. Kwa akaunti ya kodi, inayotolewa mara mbili tu kwa mwaka, sharti hilo halikuumizi hata kidogo.

Ada ya mwezi inahitaji jicho kali. Akaunti inayokata 1,500 kwa mwezi, na wewe unaingiza 30,000, imekula asilimia 5 ya akiba yako kabla haijafanya lolote. Hakuna riba ya akaunti ya kawaida itakayofidia hiyo. Kama benki yako haina akaunti za akiba zisizo na ada ya mwezi, fungua moja tu ya malipo makubwa, uiweke kodi na ada pamoja, na daftarini uwe na safu mbili. Kila mwezi ukiingia 255,000 unaandika kodi 180,000, ada 75,000. Jumla ya safu mbili lazima ilingane na salio la benki. Ikikosa kulingana, kuna pesa imechotwa au kuna kato hukulijua.

Akaunti za kodi na ada zikae benki moja na mshahara, kwa sababu kuhamisha ndani ya benki moja ni rahisi na agizo la kudumu haligombani na mifumo miwili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, usichukue kadi ya akaunti hizo. Ya dharura ikae mbali kidogo, benki nyingine au mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Watu wengi hutumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao pesa yake inatoka ndani ya siku chache za kazi. Siku hizo chache ndizo faida yake: zinatosha kuzuia tamaa ya Ijumaa jioni. Lakini mgonjwa hasubiri siku za kazi, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya dharura, kiasi cha kukufikisha hospitali na kulipia vipimo, ikae benki unakoweza kuitoa saa yoyote.

Kwa mwenye wasiwasi juu ya benki yenyewe: Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana ya mteja hadi shilingi 7,500,000 kwa kila benki. Akiba za kiwango hiki tunachozungumza zimo ndani ya ulinzi huo.

Hatua ya 5: Weka maagizo ya kudumu

Agizo la kudumu ni maelekezo unayoipa benki mara moja: kila mwezi, tarehe fulani, toa kiasi fulani kutoka akaunti hii, peleka ile. Kwenye programu za benki za simu mara nyingi limeandikwa Standing Order, chini ya sehemu ya kuhamisha pesa. Kama huioni, tawini kuna fomu. Utajaza akaunti inayotoka, akaunti inayoingia, kiasi, tarehe ya kwanza, mara ngapi, na tarehe ya mwisho.

Tarehe ndiyo yenye kazi. Angalia taarifa yako ya miezi sita uone mshahara uliwahi kuchelewa hadi lini. Mfanyakazi wetu hulipwa kati ya tarehe 25 na 27, kwa hiyo anachagua 28. Asingechagua 25 kwa kutaka kuwahi, maana mwezi ambao mshahara umeingia tarehe 26, agizo lingekuta akaunti tupu. Wala asichague 29, 30 au 31, kwa sababu Februari haina siku hizo kila mwaka, na benki hazifanani katika kuamua agizo lifanyike lini mwezi huo. Ukiona mwajiri wako huvuka 28 mara kwa mara, chagua tarehe 2 ya mwezi unaofuata na uhesabu upya idadi ya mishahara iliyobaki, kwani uhamisho wa mwisho utakuwa umevuka tarehe ya kodi.

Angalia pia siku za mapumziko. Mwaka 2026, tarehe 28 Juni ni Jumapili. Benki inayohamisha siku ya kazi inayofuata itafanya Jumatatu tarehe 29, na kodi ya tarehe 1 Julai bado itakutwa. Kungekuwa na sikukuu hapo katikati, siku hizo chache ndizo zingekuokoa. Ndiyo maana uhamisho wa mwisho usiwekwe siku moja kabla ya malipo.

Maagizo ya mfanyakazi wetu, akianza Machi, ni haya:

Kodi: 180,000 kila tarehe 28, kuanzia Machi, mwisho Juni.
Kodi: 120,000 kila tarehe 28, kuanzia Julai, bila mwisho.
Ada: 75,000 kila tarehe 28, kuanzia Machi, mwisho Juni.
Ada: 70,000 kila tarehe 28, kuanzia Julai, mwisho Desemba.
Ada: 50,000 kila tarehe 28, kuanzia Januari, mwisho Juni.
Dharura: 30,000 kila tarehe 1, kuanzia Aprili.

Yote yanaandikwa siku moja, hata yale ya Julai, kama benki inaruhusu tarehe ya kuanza iliyo mbele. Ukiacha ya Julai uje uyaandike Julai, kuna hatari agizo la kwanza likafika mwisho wake na la pili lisiwepo, na miezi miwili ikapita huku ukifurahia salio kubwa lisilokuwa lako.

Dharura imewekwa tarehe yake peke yake kwa makusudi. Maagizo mawili yakiwa siku moja na salio halitoshi yote, huwezi kujua benki itaanza na lipi. Kodi na ada zina watu wanaozidai kwa tarehe. Dharura inaweza kusubiri hadi umeona mambo ya tarehe 28 yameisha salama.

Hatua ya 6: Gawa matumizi kwa wiki

Zile 463,000 zilizobaki zikikaa zote kwenye simu siku ya kwanza, wiki ya kwanza itakula ya nne. Lipa mara moja vile vya mkupuo: wazazi, umeme, maji, gesi. Michango iache ilipo. Kinachogawanywa kwa wiki ni chakula, nauli na bando, jumla 263,000.

Mwezi wa mshahara si wiki nne. Kuanzia tarehe 28 hadi 27 ya mwezi unaofuata kuna hadi siku 31, yaani wiki nne na siku tatu, na zile siku tatu za mwisho ndizo watu wanazokopea. Zipe fungu lao. Hamisha 60,000 kwenda simu tarehe 28, 4, 11 na 18, halafu 23,000 tarehe 25. Jumla ni 263,000 kamili, na tarehe 25 hadi 27 una pesa ya nauli na ugali bila kumpigia mtu simu.

Kama benki inakuruhusu kuweka maagizo ya kupeleka kwenye namba ya simu, andika matano. Kama hairuhusu, fanya kwa mkono, au tumia akaunti ya pili yenye kadi. Hesabu pia makato: kutoa benki kwenda simu kuna gharama, na kutoa kwa wakala kuna nyingine. Duka au genge lenye Lipa Namba linakuepusha na ile ya pili.

Jambo moja la simu lazima lisemwe wazi. Ukiwa na deni la Songesha au huduma nyingine ya namna hiyo, pesa yoyote inayoingia kwenye simu hulipa deni kwanza. Unahamisha 60,000 za wiki, unakuta zimebaki 38,000, na wiki imeharibika kabla haijaanza. Maliza deni hilo kabla ya kuanza mpango, hata kama mwezi wa kwanza wote utaishia hapo. Vivyo hivyo kwa mkopo wa mshahara wa benki yako: makato yake yatatangulia maagizo yako.

Pale mambo yanapokwenda kombo

Mshahara ukichelewa, utapata ujumbe kwamba salio halitoshi. Usidhani benki itajaribu tena yenyewe. Ziko zinazojaribu siku kadhaa, ziko zinazoruka hadi mwezi ujao, na ziko zinazofuta agizo baada ya kushindwa mara kadhaa. Siku mshahara unapoingia, hamisha kwa mkono kiasi kile kile kabla ya jambo lingine lolote, kisha fungua programu uone kama agizo bado liko hai. Acha pia elfu ishirini hivi kwenye akaunti ya mshahara muda wote, kwani kato la elfu mbili la benki linaweza kulifanya agizo la 180,000 likose shilingi chache na kukataliwa lote. Benki haihamishi nusu.

Kurudisha pesa kutoka akaunti ya kodi kuja matumizi ni dalili ya kuifuatilia. Ikitokea mara moja, lipa na uendelee. Ikitokea miezi miwili mfululizo kwa fungu lile lile, tuseme chakula, basi namba ya chakula si ya kweli. Usijikaze kwa miezi sita ukiishi kwa namba ya uongo. Pandisha chakula hadi 215,000, na hizo 20,000 zitoke kwenye 77,000 za mengineyo, si kwenye kodi.

Kila tarehe 2, dakika kumi zinatosha: linganisha salio la kila akaunti na kile ambacho daftari linasema kinapaswa kuwepo. Mwisho wa Aprili akaunti ya kodi iwe na 360,000 na ya ada 150,000. Usitazame kama salio ni kubwa au dogo. Tazama kama linalingana na mwezi.

Baada ya Julai

Kodi imelipwa, ada imelipwa, na makato ya kodi na ada yameshuka kutoka 255,000 hadi 190,000. Zimepatikana 65,000 ambazo hazikuwepo. Zipangie kazi mwezi huo huo: 50,000 ziongezwe kwenye agizo la dharura liwe 80,000, na 15,000 zibaki kwa bei zinazopanda.

Lengo la kwanza la dharura ni mwezi mmoja wa maisha ya lazima, kwa mfano wetu kama 500,000. Mishahara minne ya mwanzo, Machi hadi Juni, imeleta 120,000. Mishahara ya Julai hadi Novemba, kwa 80,000, italeta 400,000. Uhamisho wa tarehe 1 Desemba unafikisha 520,000. Kuanzia hapo anaweza kuendelea hadi miezi mitatu, au kugawa zile 80,000 na lengo jingine.

Lengo jingine la wengi ni kiwanja. Kwa 80,000 kwa mwezi, kiwanja cha 3,000,000 kinachukua miezi 38, na ni afadhali kujua hivyo mapema kuliko kuingia mkataba wa malipo ya awamu ambao mshahara hauwezi kuubeba. Lakini kumbuka kato la Bodi ya Mikopo. Omba taarifa ya deni lako, gawa salio kwa 180,000, ujue limebakiza miezi mingapi. Tuseme linaisha mwakani mwezi Mei. Mwezi Aprili andika agizo la 180,000 kutoka akaunti ya mshahara kwenda akaunti ya kiwanja, lianze kwenye mshahara wa kwanza usio na kato. Kwa miaka kadhaa umeishi bila pesa hiyo, na kwa kuwa haitapita kwenye matumizi hata mwezi mmoja, hutaizoea. Ukiongeza na zile 80,000 ni 260,000 kwa mwezi, na kiwanja kile kile cha milioni tatu kinatimia kwa miezi 12.

Fuatilia pia kwamba kato limesimama kweli. Mwajiri hukata kwa maelekezo aliyopewa, na mpaka apate taarifa kwamba deni limekwisha anaweza kuendelea. Hati ya mshahara ya mwezi ule iangalie siku inapotoka. Ukikuta 180,000 bado imo, peleka uthibitisho wa kumaliza deni kwa anayeandaa mishahara kabla ya orodha ya mwezi unaofuata kufungwa, na usogeze tarehe ya kuanza ya agizo la kiwanja kwa mwezi mmoja ili lisishindwe.